Mstari wa kufaulu: unawekwa wapi, na ukisogea asilimia inabadilikaje

Kila matokeo ya kidato cha nne yanapotangazwa, maswali yanayokuja studio kutoka Ruanda, Mbinga mjini na vijiji vya mwambao wa Ziwa Nyasa hufanana. Mzazi anasikia redioni kwamba ufaulu umepanda, lakini akitazama watoto wa jirani haoni tofauti na mwaka uliopita. Au anasikia umeshuka, na walimu wanalaumiwa, na yeye anajua walimu ni walewale. Makala hii inaeleza jambo moja tu lililo nyuma ya tangazo hilo: mstari wa kufaulu. Ni alama ipi imeamuliwa kuwa mwanzo wa kufaulu, imeamuliwaje, na ikisogezwa kidogo juu au chini, watoto wangapi wanavuka au wanabaki.

Mkulima wa kahawa wa Mbinga ameshaelewa nusu ya jambo hili. Kahawa ikifika kiwandani hupita kwenye chekeche zenye matundu ya ukubwa mbalimbali, na punje zinazobaki juu ya chekeche ya matundu makubwa ndizo zinazopewa daraja la AA. Badilisha ukubwa wa tundu leo, na kilo za AA zitabadilika leo hiihii, bila mti hata mmoja kupaliliwa vizuri zaidi au vibaya zaidi. Alama za mtihani ni punje. Mstari wa kufaulu ni tundu.

Tuanze na darasa moja

Tuchukue shule ya mfano, isiyo na jina, yenye watahiniwa 80 wa kidato cha nne. Wamefanya mtihani wa utamilifu wa Hisabati na mwalimu amesahihisha. Kabla ya kuamua nani amefaulu, anafanya kazi ambayo shule nyingi huiruka: anapanga alama zote kwa makundi ya tano tano na kuhesabu vijiti, kama tunavyohesabu kura.

Anapata hivi. Alama 0 hadi 4 ni watoto 3. Alama 5 hadi 9 ni 5. Kutoka 10 hadi 14 ni 8. Kutoka 15 hadi 19 ni 11. Kutoka 20 hadi 24 ni 13. Kutoka 25 hadi 29 ni 14. Kutoka 30 hadi 34 ni 10. Kutoka 35 hadi 39 ni 6. Kutoka 40 hadi 44 ni 4. Kutoka 45 hadi 49 ni 2. Waliopata 50 hadi 64 ni 3, na mmoja tu amepata 65 au zaidi.

Ukichora vijiti hivyo kwenye karatasi unaona kilima. Kinaanza chini kushoto, kinapanda, kilele chake kiko kati ya 20 na 30, kisha kinateremka kuelekea kulia na kuacha mkia mrefu wa watoto wachache. Huo ndio mtawanyiko wa alama. Hisabati katika shule zetu za kata mara nyingi huwa na kilima cha namna hii, kilichosukumwa upande wa kushoto.

Sasa weka mstari. Ukiuweka kwenye 40, wanaovuka ni 10 kati ya 80, yaani asilimia 12.5. Ukiushusha hadi 35, wanaovuka ni 16, asilimia 20. Ukiushusha tena hadi 30, wanakuwa 26, asilimia 32.5. Ukifika 25, wanakuwa 40, nusu kamili ya darasa. Ukifika 20, wanakuwa 53, zaidi ya asilimia 66.

Tazama hatua zenyewe. Kila mara tumeshuka alama tano tu, lakini faida haikuwa sawa. Kutoka 40 hadi 35 tumepata watoto 6. Kutoka 35 hadi 30 tumepata 10. Kutoka 30 hadi 25 tumepata 14. Na kama mstari ungekuwa juu kabisa, tukaushusha kutoka 50 hadi 45, tungepata watoto 2 peke yao. Sababu ni kilima. Mstari ukipita mahali palipo na watoto wachache, kuusogeza hakubadilishi mengi. Mstari ukikatiza kilele, alama moja inatosha kuleta kelele.

Na kweli ni alama moja. Tuseme katika wale 14 waliopata 25 hadi 29, wanne wana 29, watatu wana 28, watano wana 27, hakuna mwenye 26, na wawili wana 25. Ukiutoa mstari kwenye 30 na kuuweka 29, waliofaulu wanatoka 26 na kuwa 30. Asilimia inatoka 32.5 na kuwa 37.5. Mkuu wa shule anaweza kusimama kwenye mkutano wa wazazi na kusema ufaulu wa Hisabati umepanda kwa asilimia tano, na asiseme uongo. Lakini hakuna mtoto aliyeongeza jibu hata moja sahihi.

Mstari uliobadilika kwa nchi nzima: mtihani wa 2012

Mfano huo ni wa darasa moja. Tanzania imewahi kuuona kwa ukubwa wa taifa, na ndiyo sababu wasikilizaji wengi bado wanakumbuka mwaka ule.

Mtihani wa kidato cha nne wa mwaka 2012 ulifanyika Oktoba, na matokeo yakatangazwa Februari 18, 2013 na aliyekuwa Waziri wa Elimu na Mafunzo ya Ufundi, Dk. Shukuru Kawambwa. Zaidi ya watahiniwa 240,000 wa shule walipata daraja sifuri. Waliofaulu, kuanzia daraja la kwanza hadi la nne, walikuwa asilimia 34.5. Nchi ilishtuka. Waziri Mkuu Mizengo Pinda aliunda tume ya kuchunguza, ikiongozwa na Profesa Sifuni Mchome.

Tume ilikuta sababu nyingi ambazo kila mzazi wa kijijini anazijua: upungufu wa walimu, vitabu, maabara. Lakini ilikuta na nyingine ambayo wengi hawakuitarajia. Miaka ya nyuma Baraza la Mitihani la Tanzania, NECTA, lilikuwa likipanga madaraja kwa mipaka inayobadilika. Mahali D ilipoanzia katika somo palitegemea jinsi alama za somo hilo zilivyotawanyika mwaka huo. Kwa mtihani wa 2012 ikatumika mipaka isiyobadilika kwa masomo yote: A kuanzia 80, B kuanzia 65, C kuanzia 50, D kuanzia 35, na chini ya 35 ni F. Tume iliona kwamba mabadiliko hayo yaliingizwa bila maandalizi ya kutosha.

Rudi sasa kwenye kilima chetu. Mstari wa 35 uliwekwa palepale kwa kila somo, uwe mtihani mgumu au mwepesi. Katika somo ambalo watoto wengi wako kati ya 20 na 35, mstari huo unapita upande wa kulia wa kilele, na umati mzima unabaki chini yake.

Mei 3, 2013 Waziri William Lukuvi aliliambia Bunge kwamba serikali imefuta matokeo yale na kuagiza yapangwe upya kwa utaratibu uliotumika mwaka 2011. Mwisho wa mwezi huohuo yalitangazwa tena. Karatasi za majibu zilikuwa zilezile na watoto walewale. Ufaulu ulitoka asilimia 34.5 na kuwa 43.08. Waliopata sifuri walipungua kutoka 240,903 hadi 210,846. Hao ni vijana kama elfu thelathini, zaidi ya wakazi wa kata kadhaa zetu zikiunganishwa, waliolala na sifuri na kuamka na cheti kwa kuwa mstari ulisogea.

Watu wengi hukumbuka kisa hiki kwa namna moja kati ya mbili. Wapo wanaosema watoto walionewa na Baraza, na wapo wanaosema wanasiasa waliwapa watoto maksi za bure. Mimi naona tarakimu zenyewe zinasema jambo la tatu. Mstari ulieleza takriban pointi nane na nusu za asilimia. Hizo si kidogo. Lakini baada ya mstari kurudishwa, watoto wapatao 57 katika kila 100 bado walikuwa na sifuri. Hao hawakuangushwa na mipaka mipya. Ukipima mstari kwanza, ndipo unaona tatizo lililobaki lina ukubwa gani.

Kuna jambo dogo pembeni ambalo liliwachanganya wasikilizaji wakati ule. Wengine walisikia sifuri ni asilimia 60, wengine 65, na wote walikuwa wakizungumzia watoto walewale 240,903. Aliyesema 60 alikuwa akigawanya kwa wote waliofanya mtihani, karibu 397,000. Aliyesema 65 aligawanya kwa wale tu ambao matokeo yao yalitolewa, karibu 367,750, kwa kuwa matokeo ya zaidi ya elfu 28 yalikuwa yamezuiwa kwa sababu ya ada ya mtihani. Ukisikia asilimia, uliza imegawanywa kwa nani.

Alama za mtoto mmoja chini ya mistari miwili

Kwa kidato cha nne mstari wa somo haumalizi kazi, kwa sababu daraja linatokana na masomo saba yaliyofanywa vizuri zaidi. A ni pointi 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4 na F ni 5. Pointi chache ndizo nzuri. Daraja la nne ni pointi 26 hadi 33, na kuanzia 34 ni sifuri. Kwa hiyo mtoto mwenye F saba ana 35, sifuri. Mwenye D moja na F sita ana 34, bado sifuri. Mwenye D mbili na F tano ana 33, na huyo amepata daraja la nne. Mwenye C moja na F sita naye ana 33.

Chukua kijana wa mfano, tuseme wa Ruanda, mwenye alama 33 katika Kiswahili na 31 katika Uraia, na masomo mengine yote yako chini ya 30. Kwa mipaka ya Februari 2013, D ikianzia 35, ana F saba. Ni sifuri. Kwa mipaka inayotumika sasa, ambapo A ni 75 kwenda juu, B ni 65 hadi 74, C ni 45 hadi 64, D ni 30 hadi 44 na F ni chini ya 30, kijana huyohuyo ana D mbili. Ni daraja la nne, na amehesabiwa miongoni mwa waliofaulu.

Hapa ndipo mlundikano unapouma mara mbili. Watoto wengi wa shule zetu za vijijini wako karibu na ukingo huu wa 33 na 34. Mstari wa D ukishuka kwa alama chache katika masomo mawili tu, kundi kubwa linavuka ukingo kwa pamoja. Mtoto mwenye C na D nyingi hata hahisi kitu, anabaki pale alipokuwa. Ndiyo maana mabadiliko ya mipaka huonekana sana Mbinga na Nyasa na huonekana kidogo katika shule zenye ufaulu mkubwa.

Mwaka uliofuata

Baada ya kisa cha 2012 mipaka ilibadilika tena. Mwishoni mwa Oktoba 2013 wizara ilitangaza madaraja mapya: A kuanzia 75, B+ kuanzia 60, B kuanzia 50, C kuanzia 40, D kuanzia 30, kisha E kwa alama 20 hadi 29, na F ikabaki chini ya 20. Matokeo ya mtihani wa 2013 yalipotoka, ufaulu ulikuwa asilimia 58.25, na tofauti na 43.08 ya mwaka uliotangulia ikasemwa ni ongezeko.

Ongezeko lilikuwepo kwenye tarakimu. Ila ni nani aliyeongeza: watoto, walimu, au mipaka? Kwa kuangalia 43.08 na 58.25 peke yake huwezi kujibu, na yeyote anayejibu kwa uhakika kwa kutumia namba hizo mbili anakisia. Njia ya kujua ipo na ni rahisi kuieleza. Chukua alama ghafi za mwaka mpya, zile za asilimia kabla hazijawa herufi, uzipitishe kwenye mstari wa zamani. Kama ufaulu bado umepanda, watoto wamepanda. Kama umerudi ulipokuwa, uliopanda ni mstari, au tuseme ulioshuka. Hata hapo unadhani ugumu wa mitihani miwili ulikuwa sawa, jambo ambalo si la kudhani ovyo.

Baadaye kukawa na mfumo wa wastani wa pointi, uliojulikana kwa kifupi kama GPA, kwa matokeo ya 2014, kisha mwanzoni mwa 2016 Waziri Joyce Ndalichako akarudisha madaraja. Mzazi mwenye watoto watatu waliomaliza kidato cha nne 2012, 2013 na 2014 ana vyeti vya mipaka tofauti nyumba moja. Kuwalinganisha hao ndugu kwa herufi zao ni kuwaonea.

Mstari unapaswa kuwekwa vipi

Kuna njia kuu tatu, na kila moja ina ubaya wake.

Ya kwanza ni kupanga nafasi. Unasema nusu ya juu watafaulu, au watu 40 wa kwanza. Katika darasa letu la mfano mstari unaangukia 25, na mwaka ujao utaangukia popote alipo mtoto wa 40. Asilimia haibadiliki kamwe, ni 50 kila mwaka, wawe wamesoma au hawakusoma. Njia hii inafaa pale nafasi zinapohesabika, kama vitanda vya bweni au viti vya kidato cha tano. Haifai kujibu swali la nani anajua Hisabati. Mpaka unaofuata mtawanyiko, kama ule wa kabla ya 2012, una kivuli cha ubaya huu: mtihani ukiwa mgumu unawalinda watoto, lakini elimu yenyewe ikishuka, mstari nao unaweza kushuka nayo kimyakimya na asiwepo wa kushtuka.

Ya pili ni mstari usiobadilika, kama 35 ya 2012 au 30 ya sasa. Uzuri wake ni kwamba mwanafunzi anaujua tangu siku ya kwanza. Ubaya wake ni kwamba unachukulia mtihani wa mwaka huu na wa mwaka jana kuwa na uzito mmoja. Mtunzi akiweka maswali mawili magumu zaidi, kilima chote kinasogea kushoto kwa alama tatu au nne. Mstari umebaki palepale, na watoto wa mwaka huo wanalipia ugumu ambao hawakuuleta.

Ya tatu inaanzia kwenye maswali yenyewe, na watalaamu wa mitihani huihusisha na Mmarekani William Angoff, aliyeielezea mwaka 1971. Walimu wa somo wanakaa na karatasi ya mtihani kabla ya kuona alama za mtu. Kila mmoja anamfikiria mwanafunzi anayestahili kufaulu kwa shida, yule wa ukingoni kabisa, si hodari wala si yule asiyeambulia kitu. Kwa kila swali anaandika alama ambazo mwanafunzi huyo angepata, kisha anajumlisha. Tuseme walimu wanne wamepata 34, 28, 31 na 27. Jumla ni 120, ukigawa kwa nne ni 30. Huo ndio mstari wao, na wanaweza kumweleza mzazi umetoka wapi.

Baada ya hapo, na si kabla, ndipo wanatazama kilima. Kama 30 yao ingeangusha watoto 95 katika 100, au kupitisha wote, wanarudi kwenye karatasi kuangalia: huenda swali moja lilikosewa kuchapwa, huenda mada moja haikufundishwa, huenda walimwaza mtoto wa ukingoni ambaye yuko mjini na hayuko kwao. Mtawanyiko unatumika kuhoji mstari. Ukiutumia kuchagua mstari ili upate asilimia unayoitaka kumpelekea afisa elimu, umegeuza utaratibu, na mwaka ujao hutajua tena kama shule inapanda au inashuka.

Wapo walimu wanaotafuta pengo. Kwenye darasa letu hakuna mwenye 26. Ukiweka mstari hapo, aliyefeli karibu zaidi ana 25 na aliyefaulu karibu zaidi ana 27, hivyo hakuna anayelia kwamba amekosa kwa alama moja. Waliofaulu wanakuwa 38, asilimia 47.5. Inapendeza, na kwa amani ya shule ina faida. Lakini pengo hilo limetokea kwa bahati kwa kuwa watoto ni 80 tu. Darasa lijalo pengo litakuwa kwenye 31 au 22, na ukilifuata, mstari utarukaruka kila mwaka. Kwa taifa zima mapengo hayapo kabisa, kila alama ina maelfu ya watoto.

Wale walio karibu na mstari

Mtoto mwenye 29 na mwenye 31 hawatofautiani sana kwa ujuzi. Mpe kila mmoja mtihani mwingine wa aina hiyohiyo wiki ijayo na huenda wakabadilishana nafasi. Msahihishaji mmoja hutoa alama mbili kwa jibu ambalo mwenzake angetoa tatu, hasa kwenye insha. Mbali na mstari makosa haya hayadhuru: mwenye 12 akipewa 14, bado hajafaulu. Karibu na mstari yanaamua maisha ya mtu, na mstari ukipita kwenye kilele, walio karibu nao ni wengi kuliko mahali pengine popote. Shule yenye uangalifu husahihisha upya karatasi zote zilizo ndani ya alama mbili tatu juu na chini ya mstari kabla ya kubandika matokeo. Zote, si za chini peke yake. Ukirudia za waliokosa tu, makosa yatarekebishwa upande mmoja.

Vijiti vya mwalimu pia vinaonyesha kama mtu amesukuma alama. Mtawanyiko wa kawaida hupanda na kushuka kwa mwendo unaofuatana. Ukikuta alama 27 ina watoto watano, 28 ina wawili, 29 haina hata mmoja, halafu 30 ina kumi na mmoja, hicho si kilima cha kawaida. Watoto hawakwepi 29 wenyewe. Kuna aliyekuwa akisahihisha huku mstari akiujua, akamwonea huruma kila aliyekosa kidogo. Nia inaweza kuwa njema, lakini mwenye 28 ambaye hakuonewa huruma ana haki ya kuuliza. Dawa iliyozoeleka ni kusahihisha swali kwa swali kwa darasa zima, na jumla ikaandikwa na mwalimu mwingine.

Mzazi anaweza kuona nini

Matokeo ambayo NECTA huweka kwenye tovuti yake yanaonyesha herufi za kila somo, pointi na daraja. Alama ghafi hazimo. Kwa hiyo kwa mtihani wa taifa mzazi mwenye simu hawezi kuchora kilima. Anachoweza ni kuhesabu ukingo. Fungua ukurasa wa shule, tafuta wenye pointi 33, 34 na 32, na uone ni wangapi. Shule yenye daraja la nne 40, na 25 kati yao wakiwa na pointi 32 au 33, ina ufaulu unaotegemea ukingo mwembamba sana. Shule yenye 40 hao hao wengi wakiwa na pointi 26 hadi 29 haifanani nayo, ingawa asilimia yao ya ufaulu inasomeka sawa kwenye ubao.

Mtihani wa utamilifu ni tofauti, kwa sababu alama ghafi ziko mezani kwa mwalimu wa taaluma. Kwenye mkutano wa wazazi mtu akitangaza kwamba Hisabati imetoka asilimia 20 mwaka jana na kufika 32.5 mwaka huu, mwombe asome idadi ya watoto kwa makundi ya tano tano kwa miaka yote miwili, bila majina. Inachukua dakika tano. Kama mwaka jana mstari ulikuwa 35 na mwaka huu ni 30, darasa letu la mfano linatoa asilimia hizo mbili kwa alama zilezile kabisa.